Kivuli Kilichopakwa kwa Brashi

Katika filamu bubu ya Kijerumani iitwayo Das Cabinet des Dr. Caligari kuna chumba cha mahabusu ambacho nimekisimamisha kwenye kioo cha kompyuta yangu mara nyingi sana. Mtuhumiwa ameketi sakafuni, amefungwa mnyororo. Nyuma yake, ukutani, kumepakwa michirizi mirefu inayoshuka kutoka juu, na michirizi hiyo ikifika chini haikomi pale ukuta unapokutana na sakafu, bali inaendelea juu ya sakafu na kumwelekea yeye, kana kwamba chumba kizima ni kidole kinachomnyooshea. Mtu huyo ajitikise apendavyo, michirizi haitikisiki. Hakuna taa iliyoizaa, wala hakuna nondo za dirisha zilizokata mwanga hadi ikapatikana sura hiyo. Kuna rangi iliyopakwa kwa brashi, basi.

Ninataka kuandika juu ya kivuli cha namna hiyo, kile kilichopakwa, na juu ya safari yake hadi kwenye filamu za kutisha tunazozitazama leo. Wengi wakizungumzia sinema hii ya kale husema kwamba iliwaachia waliofuata kuta zilizopinda na giza zito. Mimi naona kwamba kuta zile hazikufika mbali. Kilichofika mbali ni wazo kwamba kivuli kinaweza kuwapo bila mwenyewe.

Filamu yenyewe ilipigwa picha kati ya mwisho wa mwaka 1919 na mwanzo wa 1920, katika studio ndogo eneo la Weissensee, Berlin, na ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 26 Februari 1920. Mwongozaji alikuwa Robert Wiene, na waandishi walikuwa wawili, Hans Janowitz na Carl Mayer. Mandhari yake yalibuniwa na watu watatu: Hermann Warm, Walter Reimann na Walter Röhrig. Hadithi inasimuliwa na kijana Francis. Katika mji wake amefika mzee mwenye banda la maonyesho gulioni, na ndani ya banda amemweka mtu aitwaye Cesare, anayelala usingizi usiokatika na kutembea akiwa usingizini. Mzee huyo anamtuma Cesare usiku kwenda kuua.

Wachoraji wa Kijerumani wa kipindi kile waliokuwa wakiitwa waekspreshonisti hawakuchora nyumba jinsi jicho linavyoiona. Waliichora jinsi moyo uliojaa hofu unavyoihisi, hata ikainama na madirisha yake yakawa na ncha kama shoka. Warm na wenzake waliuhamishia uchoraji huo ndani ya studio. Walitengeneza kuta na vichochoro vya turubai na mbao, kisha wakapaka juu yake kila kitu ambacho kwa kawaida ni kazi ya taa: weupe wa mwanga chini ya taa ya barabarani, weusi wa kona, mwale unaoingia dirishani.

Yapo maelezo yanayorudiwa sana kwamba walipaka vivuli kwa sababu umeme ulikuwa wa mgawo baada ya vita. Umeme ulikuwa wa shida kweli, na fedha pia, lakini maelezo hayo hayanitoshi. Mwanga uliopakwa hauwezi kuonekana kwenye filamu bila mwanga halisi wa kuumulika. Kwa hakika unahitaji mwanga wa kutosha, tena uliotandazwa sawasawa kutoka mbele, kwa sababu taa kali ya upande mmoja ingeweka vivuli vyake yenyewe juu ya vile vilivyochorwa na kuviumbua. Anayepaka kivuli haepuki kazi ya kuwasha taa. Anachokifanya ni kuinyang'anya taa uamuzi.

Tena alipaswa kujua kwamba filamu ya siku zile haikuona rangi kama tunavyoziona sisi. Ilikuwa nyepesi kuona buluu na karibu kipofu kwa nyekundu, kwa hiyo nyekundu ya kuvutia ilitoka nyeusi, na buluu nzito ilitoka hafifu kama anga lenye ukungu. Ndiyo maana nyuso za waigizaji wa zama hizo zimepakwa podari nyingi na macho yamezungushiwa weusi. Bila hivyo wekundu wa kawaida wa ngozi ungetoka kama uchafu.

Kuna bei iliyolipwa, na ukiijua utaiona filamu hii kwa jicho jingine. Kichochoro kilichopakwa ili kionekane kirefu huonekana hivyo kutoka sehemu moja tu, pale kamera iliposimamishwa. Kamera ikisogea hatua chache pembeni, urefu wote unavunjika na linabaki turubai. Kwa sababu hiyo kamera ya filamu hii imetulia karibu muda wote, kama mtazamaji aliyekaa kitini mbele ya jukwaa. Tatizo la pili ni la mwigizaji. Nyumba zilizochorwa hupungua haraka kuelekea nyuma, lakini mwili wa mtu haupungui kwa kasi hiyo. Akitembea moja kwa moja hadi nyuma ya picha, atazifikia nyumba zinazomfika kiunoni. Tazama jinsi waigizaji wanavyotoka: wanapita pembeni, wanakunja kona, au wanapanda njia ya mteremko inayowaficha kabla hawajafika mahali pa kuumbuka.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, ni kwamba mtu ana kivuli chake. Ukitaka kuujua mpaka kati ya kilichopakwa na kilicho halisi, tazama miguu. Mtu akipita juu ya mwanga wa taa ya barabarani uliochorwa sakafuni, mwanga huo haumpandi mwilini, wala nuru ya usoni mwake haibadiliki anapouvuka. Kivuli chake mwenyewe nacho, pale kinapoonekana, hufuata taa za studio na si ile taa iliyochorwa. Niliyagundua hayo nilipoanza kusimamisha picha moja moja, na kwa muda nilidhani nimeiharibu filamu, kama mtu aliyeona uzi wa mwanasesere. Ikawa kinyume. Nilianza kuelewa kwa nini mji ule unatia hofu: ni mji usiowajali wanaouishi. Mwanga wake hauwaangazii, na giza lake haliwafichi.

Waigizaji wawili walielewa jambo hilo kuliko wenzao. Werner Krauss, aliyeigiza kama mzee Caligari, anatembea kwa hatua za kukatakata, na amebeba mgongo wake kana kwamba naye amechorwa kwa kalamu nzito. Conrad Veidt, aliyekuwa Cesare, alienda mbali zaidi. Amevaa nguo nyeusi iliyoshika mwili, na anapokwenda nyumbani kwa msichana Jane usiku, hatembei katikati ya njia. Anajibandika ukutani, mkono mmoja umeinuliwa, na kujiburuza polepole kufuata ukuta kama mstari unaojichora wenyewe. Kwa dakika hizo chache mtu na mandhari vimekuwa kitu kimoja. Waigizaji wengine, wanaotembea na kushika vifua vyao kama katika tamthilia yoyote ya wakati ule, wanaonekana kama wageni waliopotea njia wakaingia ndani ya picha ya mtu mwingine.

Wiene mwenyewe alijaribu tena mwaka huohuo wa 1920, akiwa na Mayer, katika filamu iitwayo Genuine, na mandhari yakachorwa na msanii mwingine, César Klein. Haikufanikiwa. Mapambo ni mengi kiasi kwamba mwili wa mwigizaji unamezwa, na hakuna Veidt wa kujitoa ukutani. Nilijifunza kwamba rangi peke yake haitishi. Rangi hutisha pale inapogongana na mwili wa mtu.

Sasa nifike kwenye tukio ambalo, kwa maoni yangu, ndilo mbegu ya yote yaliyofuata. Rafiki wa Francis, kijana Alan, amemwuliza Cesare gulioni ataishi hadi lini, naye akajibiwa kwamba ataishi hadi alfajiri. Usiku huo Alan anaamka kitandani. Ukutani nyuma yake mwanga umepakwa kwa ncha kali kama vitu vyote vya mji ule. Anainua uso, anaona kitu ambacho sisi hatukioni, anainua mikono kujikinga. Kisha ukutani kinatokea kivuli cha mtu, na kivuli kile kinamshika, vinapambana, kinainua kisu. Muuaji mwenyewe haonyeshwi hata kidogo.

Kivuli hicho hakikupakwa. Kimetupwa ukutani na taa halisi na miili halisi, ndani ya filamu ambayo karibu kila kivuli chake ni cha rangi. Tumekwisha kutumia nusu saa hivi tukiwa tumezoea kwamba giza la mji huu halisogei. Tumelikubali kama tunavyolikubali pambo la pazia. Ghafla sehemu moja ya giza hilo inajitenga na ukuta na kuua mtu. Kivuli cha kawaida, katika filamu yenye vivuli vya kawaida, kisingekuwa na nguvu hiyo. Kimekopa nguvu kutoka kwa vile visivyosogea.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1922, Friedrich Wilhelm Murnau alitoa Nosferatu. Hakupaka kitu. Aliondoka studio akapiga picha katika mitaa halisi ya Wismar na Lübeck, na katika ngome ya Orava iliyo leo Slovakia. Ukuta wa ngome ile ni wa mawe ya kweli na anga lake ni la kweli. Lakini alichukua kile kivuli cha chumbani kwa Alan akakifanya kuwa mhusika. Kuelekea mwisho, yule mfu anyonyaye damu anapanda ngazi kwenda kwa Ellen, na tunachokiona ni kivuli tu: mgongo uliopinda, kichwa kisicho na nywele, vidole virefu vinavyorefuka zaidi mlango unapokaribia. Kisha kivuli cha mkono kinapita juu ya gauni jeupe la Ellen, kinafika kifuani, na kinafumba ngumi. Mwanamke anajikunja kwa maumivu, ingawa hajaguswa na chochote.

Kivuli cha namna hiyo mtu anaweza kukifanya chumbani kwake, nami nilikifanya ili nielewe. Weka simu sakafuni ikiwa imewashwa tochi, mita tatu kutoka ukutani. Simama mita moja kutoka kwenye simu, na kivuli chako kitakuwa kikubwa mara tatu ya mwili wako. Rudi nyuma hadi nusu mita kutoka kwenye simu, na kitakuwa kikubwa mara sita. Ukiwa unakimbia ukuta, kivuli kinauvamia. Sisi tuliokua na kibatari tuliujua mchezo huo kabla ya kujua kusoma, ila hatukuujua kwa hesabu. Kwa mwongozaji maana yake ni kubwa: mwigizaji anaweza kurudi nyuma polepole, mbali na mhanga, huku mtazamaji akiona kitisho kinamkaribia. Tochi ndogo hutoa kingo kali zinazoonyesha kila kidole, ilhali taa pana hutoa kingo zilizoyeyuka, na vidole vile vya ngazini vinahitaji kuhesabika kimoja kimoja.

Hapa niingize onyo kwa yeyote atakayezitafuta filamu hizi, kwa kuwa mimi mwenyewe nilizikosea heshima kwa miaka mingi. Nakala za kwanza nilizoziona zilikuwa kijivu mwanzo hadi mwisho, na watu walikuwa wakirukaruka kama kuku. Makosa yote mawili si ya filamu. Filamu bubu nyingi zilipigwa kwa kasi ya picha 16 hadi 20 hivi kwa sekunde, na zikipitishwa kwa kasi ya 24 ya baadaye, mwendo mzito wa Cesare unakuwa kichekesho. Tena filamu hizi hazikuwa kijivu. Vipande vizima vilitiwa rangi moja kwenye maabara, buluu kwa usiku, manjano kwa mwanga wa taa za ndani, waridi kwa alfajiri. Katika Nosferatu matukio ya nje ya usiku yalipigwa mchana, na buluu ndiyo iliyoyafanya kuwa usiku. Ukiondoa buluu hiyo, yule mnyonya damu anayeuawa na jua anaonekana akitembea na jeneza lake mchana kweupe, na hadithi nzima inaanguka. Ukiona hivyo, funga, utafute nakala nyingine. Caligari ilirejeshwa upya kutoka kwenye negativu ya kamera iliyohifadhiwa, ambayo ilipungukiwa na sehemu ya kwanza tu, na ikaonyeshwa Berlin mwaka 2014 ikiwa na rangi zake. Katika nakala hiyo alama za brashi ukutani zinaonekana wazi, na kwangu hilo halikupunguza kitu.

Kutoka Ujerumani ujuzi huu ulisafiri na watu. Paul Leni, aliyeanza kama mbunifu wa mandhari, alikwenda Marekani na mwaka 1927 akatengeneza The Cat and the Canary, filamu ya nyumba kubwa yenye giza na korido ndefu. Karl Freund, aliyepiga picha za Der Golem mwaka 1920, ndiye aliyekuwa nyuma ya kamera ya Dracula ya 1931, na mwaka uliofuata akaongoza mwenyewe The Mummy. Ukitazama Frankenstein ya mwaka 1931 utaona makaburi yaliyoinama chini ya anga lililochorwa, na mnara wa mawe ambao kuta zake hazisimami wima. Hollywood ilizikubali kuta zilizopinda kwa sharti moja, kwamba ziwe na sababu: ni ngome ya zamani, ni maabara ya mwendawazimu. Mji mzima uliopinda bila sababu hawakuutaka. Naiona hiyo kuwa hasara, ingawa naelewa kwamba mji wa namna hiyo hauwezi kurudiwa mara mbili.

Wazo la kivuli kisicho na mwenyewe lilikutana na mtu wa kulistahili katika Carl Theodor Dreyer, Mdenmaki, kwenye filamu yake Vampyr ya mwaka 1932. Ina sauti, lakini maneno ni machache kiasi kwamba imebaki na roho ya filamu bubu. Ndani yake kivuli cha mtu mwenye mguu wa mti kinatembea peke yake ukutani, kisha kinakwenda kukaa mahali alipoketi mwenyewe na kuungana naye, kama mtumishi anayerudi kazini. Kwingine kivuli cha mchimbaji kinachimba kinyumenyume, udongo ukiruka kutoka hewani kurudi kwenye sepeto lake. Dreyer hakutumia rangi, alitumia taa na watu waliojificha nje ya fremu, lakini hatua aliyoichukua ni ile iliyoanzishwa na brashi. Wachoraji wa Caligari walikuwa wamekata uzi kati ya kivuli na mwili, naye alikiachia kivuli kitembee.

Tangu hapo nimekiona kikitembea mara nyingi. Katika Dracula ya Francis Ford Coppola ya mwaka 1992, mwenyeji anazungumza na mgeni wake kwa adabu zote huku kivuli chake ukutani kikinyoosha mikono kumkaba. Katika The Babadook ya Jennifer Kent, ya mwaka 2014, kitisho kinaingia nyumbani kikiwa mchoro, ndani ya kitabu cha watoto chenye kurasa zinazoinuka, na kinapotoka kitabuni hakipati mwili wa nyama: kinabaki koti jeusi na kofia, umbo lililokatwa, lenye mwendo wa kushtukashtuka. Wengi hutaja kivuli cha Nosferatu wanapoizungumzia filamu hiyo. Mimi namwona Cesare, mstari mweusi uliojitoa ukutani.

Limebaki jambo moja kuhusu Caligari ambalo sijaacha kulifikiria. Mwishoni tunaambiwa kwamba Francis ni mgonjwa katika hospitali ya wenye maradhi ya akili, na kwamba yule mzee muuaji ndiye daktari mkuu wa hapo. Janowitz alidai baadaye kwamba mwisho huo ulilazimishwa dhidi ya matakwa yao, na mhakiki wa filamu Siegfried Kracauer, katika kitabu chake cha mwaka 1947, akauchukua kama ushahidi kwamba hadithi ya kuwashitaki wenye mamlaka iligeuzwa kuwa ya kuwatetea. Nakala ya mswada iliyokuwa mikononi mwa Krauss ilipojulikana baadaye, ilionekana kwamba nayo ilikuwa na msimulizi anayefungua hadithi, ingawa kwa namna nyingine: Francis akiwa mtu mzima mwenye amani, akiwahadithia wageni. Kwa hiyo suala si rahisi kama Janowitz alivyolieleza.

Mimi naegemea ushahidi wa turubai. Kama kupinda kwa mji ni ugonjwa wa Francis, basi hadithi yake ikiisha kuta zingesimama wima. Hazisimami. Ua la hospitali tunalolirudia, ambalo sasa tunaambiwa ni la kweli, ni lilelile la ndani ya hadithi, lina mistari ileile iliyopakwa sakafuni ikitawanyika kutoka katikati kama miale. Francis anamrukia daktari, anakamatwa, anavalishwa vazi la kumfunga mikono na kupelekwa katika chumba kilekile ambamo, ndani ya hadithi yake, daktari ndiye aliyefungiwa. Daktari anamkagua, anavua miwani, anasema sasa ameuelewa ugonjwa na anajua namna ya kuuponya. Kamera inabaki usoni mwake, na nyuma yake ukuta bado umepakwa.